Maneno ya kuchangishia kisima

Swali: Hapa Njoro tunachanga shilingi 2,800,000 za kisima kirefu. Chini ya picha tuandike nini?

Jibu: Msifiche floridi. Bonde la Ufa kisima chaweza kububujika na floridi ikazidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na mchangaji wa Nakuru anayajua meno ya kahawia. Andikeni:

“Tunahitaji 2,800,000 kufikia Novemba 30. Kwanza tunalipia upimaji wa ardhi na kibali cha WRA, kisha uchimbaji. Pampu hatununui kabla maji hayajapimwa floridi. Ikizidi, pesa za pampu zitaanzia chujio la mkaa wa mifupa. Kila Ijumaa tutabandika hapa taarifa ya Paybill na risiti zote. Lengo lisipofikiwa, tutarudisha michango.”

Sentensi ya mwisho iandikeni tu kama mweka hazina ameikubali.