Eneo la Pembenyingi Kubwa: Bapa au Tufe?

Shamba la chai la hekta moja karibu na Tukuyu linaweza kupimwa kana kwamba dunia ni bapa. Mviringo wa dunia haulidhuru. Katika vilima vya Rungwe kosa la kuogopwa zaidi ni mteremko: kamba ikilazwa juu ya ardhi yenye mwinamo wa nyuzi 20, urefu unaosomwa huzidi ule wa ramani kwa asilimia 6 na zaidi, na eneo huzidi vivyo hivyo. Hata wilaya nzima ya Rungwe, yenye takriban kilomita za mraba 2,200, ni ndogo mbele ya dunia. Pembetatu yenye eneo kama hilo juu ya tufe ina pembe ambazo jumla yake huzidi nyuzi 180 kwa sekunde 11 tu.

Mambo hubadilika pembenyingi inapokuwa kubwa na pembe zake zikitajwa kwa latitudo na longitudo. Tukuyu imo ndani ya umbo lililo kati ya latitudo 9 na 10 Kusini, na longitudo 33 na 34 Mashariki. Mwanafunzi akiichukulia kila nyuzi kuwa kilomita 111.195 pande zote, atapata takriban kilomita za mraba 12,364. Juu ya tufe lenye nusu kipenyo R cha kilomita 6,371, kanuni ni hii, pembe za longitudo zikiandikwa kwa radiani:

A = R²(λ₂ − λ₁)(sin φ₂ − sin φ₁)

Jibu lake ni 12,195. Tofauti ni kilomita za mraba 170 hivi, yaani asilimia 1.4. Wengi husema upesi kwamba bapa ndilo lenye kosa. Sivyo. Kosa liko katika kipimo cha upana, kwa kuwa mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoiacha ikweta. Upana ukizidishwa kwa kosaini ya nyuzi 9.5, ambayo ndiyo latitudo ya katikati, hesabu ile ile ya bapa hutoa jibu linalopishana na la tufe kwa chini ya kilomita moja ya mraba.

Tufe nalo lina upungufu wake. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, na umbo hilo hilo likihesabiwa juu ya dunia iliyobonyea hutoa kilomita za mraba 12,145. Kwa hiyo kuacha bapa na kushika tufe hakutoshi kwa mpimaji anayetaka usahihi wa kilomita chache. Huku kwetu karibu na ikweta, tufe la kilomita 6,371 hukosea kwa asilimia 0.4.

Sasa umbo likuzwe: kutoka ikweta hadi latitudo 20 Kusini, na kutoka longitudo 20 hadi 40 Mashariki. Kanuni ya tufe hutoa takriban kilomita za mraba 4,845,900. Njia ya bapa, hata ikirekebishwa kwa kosaini ya nyuzi 10, huzidisha kwa 24,700 hivi, eneo la wilaya kama Rungwe zaidi ya kumi. Hapa mviringo wenyewe umeanza kudai haki yake.

Lakini liko swali linalotangulia uchaguzi wa njia: upande wa kusini wa umbo hili ni mstari gani? Kanuni iliyotumika inauchukua kuwa latitudo 20 yenyewe. Mstari wa jeodesia, ulio mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya pembe hizo mbili, haufuati latitudo. Hupinda kuelekea kusini na katikati huwa mbali nayo kwa kilomita 32 hivi. Ukanda ulio kati ya mistari hiyo miwili una takriban kilomita za mraba 44,000, kosa kubwa kuliko lile la bapa. Mpaka uliowekwa kwa kufuata latitudo, ukikabidhiwa programu ya kompyuta inayounganisha pembe kwa jeodesia, utatoa jibu safi la umbo lingine. Dawa yake ni kuongeza pembe nyingi juu ya mstari wa latitudo, kila nusu nyuzi kwa mfano, ili jeodesia fupi zisipate nafasi ya kupinda.

Kwa kosa la bapa lenyewe kuna jaribio jepesi linalofaa darasani. Umbo likatwe kwenye latitudo 10, kila kipande kihesabiwe kwa kosaini ya latitudo yake ya katikati, kisha majibu yajumlishwe. Kanuni ya tufe hutoa jumla ile ile ya awali. Njia ya bapa hutoa jumla nyingine, na kosa lake hushuka hadi robo, yaani kilomita za mraba 6,200 hivi. Jumla ikibadilika kwa kiasi kisichovumilika katika kazi iliyopo, bapa halifai kwa ukubwa ule. Jaribio hili halifichui upande uliochaguliwa vibaya wala R isiyofaa. Hayo hukaguliwa kabla ya hesabu kuanza.