Barua ya Onyo kwa Mchelewaji: Andika Tarehe, Acha Lawama

"Umekuwa na tabia mbaya ya kuchelewa kila mara." Barua nyingi za onyo huanza hivyo, na hapo hapo hupoteza nguvu. "Kila mara" ni lini? Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na awe amefuata utaratibu wa haki. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua za onyo za nyuma ni sehemu ya ushahidi.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala anayepaswa kuingia saa 2:00 asubuhi. Februari alionywa kwa mdomo, na msimamizi akaliweka onyo hilo kwenye kumbukumbu. Machi daftari la mahudhurio linaonyesha amechelewa siku nne.

Kabla ya kuandika chochote, mwite umsikilize. Katika mfano huu anaeleza kwamba tarehe 11 alimpigia msimamizi alfajiri kuwa mtoto anaumwa, naye msimamizi akamruhusu. Siku hiyo itoke kwenye barua. Ukiiacha humo, kosa hilo moja litatia shaka tarehe nyingine zote.

Kisha pitia daftari la wenzake. Kama yupo mwingine aliyechelewa vivyo hivyo bila kuguswa, naye aitwe kwa utaratibu uleule, la sivyo onyo hili litaonekana la chuki. Hakikisha pia kanuni za nidhamu za ofisi yako zinasema hatua inayofuata onyo la mdomo ni ipi. Usiiruke.

Sasa andika kwa ufupi:

YAH: ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI KWA KUCHELEWA KAZINI

"Muda wako wa kuingia kazini ni saa 2:00 asubuhi. Tarehe 3 Machi 2025 uliingia saa 2:25, tarehe 6 saa 2:40 na tarehe 14 saa 2:35, bila taarifa. Ulionywa kwa mdomo tarehe 10 Februari. Tarehe 17 Machi ulisikilizwa, ukaeleza kuwa usafiri ni wa shida. Unatakiwa kufika kwa wakati, na ukipata dharura umjulishe msimamizi kabla ya saa 2:00. Ukirudia, hatua zaidi zitachukuliwa kwa mujibu wa kanuni za nidhamu. Usiporidhika na onyo hili, unaweza kukata rufaa kwa meneja."

Taja pia onyo litadumu hadi lini na rufaa iwasilishwe ndani ya siku ngapi, kama kanuni zenu zinavyosema. Maneno kama "mvivu" au "huna nidhamu" yasiwemo.

Chini weka nafasi ya sahihi yenye neno "Nimepokea", maana kupokea barua si kukiri kosa. Akikataa kusaini, shahidi aandike kuwa barua ilitolewa mbele yake, aweke sahihi na tarehe. Nakala moja apewe mfanyakazi, nyingine iingie kwenye jalada lake siku hiyo hiyo.