Kadi ya Kijivu au Shati Jeupe: Kusawazisha Rangi ya Picha za Familia

Picha ya familia iliyopigwa usiku chini ya balbu ya mwanga wa njano hutoka na nyuso zenye rangi ya chungwa. Kabla ya kuihariri au kulipia nakala zake, programu ya kuhariri inapaswa kuonyeshwa ndani ya picha kitu kisicho na rangi yoyote. Kitu kinachofaa zaidi ni kadi ya kijivu ya wapiga picha. Isipokuwepo, shati jeupe linaweza kutumika, lakini kwa masharti.

Namna ya kupima

Mmoja wa wanaopigwa picha aishike kadi karibu na uso wake, ikiangaliana na kamera. Piga picha moja, kisha iondoe na uendelee bila kubadilisha mahali wala taa. Katika programu, chagua alama ya kidondoshi kwenye sehemu ya mizania ya weupe na uibonyeze juu ya kadi. Baadaye nakili marekebisho hayo kwenye picha nyingine za mahali hapo. Ikiwa kamera inaruhusu, hifadhi picha kwa muundo wa RAW, kwa kuwa JPEG huvumilia marekebisho machache zaidi.

Tuchukue mfano wa shati jeupe lililopigwa picha sebuleni. Programu inaonyesha nyekundu 225, kijani 205 na buluu 170. Kwa kuwa kitu kisicho na rangi huwa na namba tatu zinazolingana, pengo hilo ndilo unjano wa balbu. Baada ya kubonyeza, namba zitakaribiana na nyuso zitarudia rangi yake.

Shati linapodanganya

Kwanza, namba zikisomeka 255 zote tatu, sehemu hiyo imezidiwa na mwanga na haina taarifa ya rangi. Bonyeza sehemu ya shati iliyofifia kidogo, isiyo ndani ya kivuli cha kola.

Pili, sabuni nyingi za unga na vitambaa vingi vyeupe vina kemikali inayogeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu. Kwa hiyo, nje mchana, shati huonekana la buluu kuliko lilivyo. Programu ikilifuata, huondoa buluu kupita kiasi na nyuso huwa za njano. Ukiona weupe wa shati umetulia ilhali ngozi imekuwa ya njano, chanzo ni hicho.

Mahali ambapo vipimo hivi havitoshi

Mtu aliye dirishani na mwingine aliye chini ya balbu wanaangazwa na mianga miwili tofauti. Kipimo kimoja kitamfaa mmoja tu. Zima taa au wasogeze wote upande mmoja kabla ya kupiga.

Mwisho, chapisha nakala moja na uitazame mchana kabla ya kulipia nakala zote.