Mada Moja, Vituo Vitatu: Somo la Udhu kwa Watoto wa Rika Tofauti

Wengi wetu tukirudi nyumbani likizo huombwa kusaidia madrasa ya mtaani. Mimi husaidia moja hapa Buyenzi, Bujumbura. Jumamosi huja watoto 24 katika chumba kimoja: wadogo wa miaka 5 hadi 7 ni tisa, wa kati wa miaka 8 hadi 10 ni wanane, na wakubwa wa miaka 11 hadi 14 ni saba. Walimu ni wawili, ustadhi wetu na mimi.

Tuliamua makundi yote yasome mada moja, kila kundi likipita kwa zamu katika vituo vitatu. Mara ya kwanza niliharibu. Mada ilikuwa "Usafi", na vituo nilivipanga kama ngazi: kwanza aya, kisha kutawadha, kisha kadi za kupanga yale waliyoyafanya. Nilisahau kwamba katika mzunguko kila kundi huanzia mahali pake. Wadogo walianzia kwenye kadi, wakaulizwa mpangilio wa jambo ambalo hawajaliona. Wawili walilia, wengine wakazigeuza kadi kuwa mchezo wa kurushiana.

Nilijifunza kwamba kituo kisitegemee kituo kingine. Jambo ambalo wote wanalihitaji kabla liwekwe kwenye ufunguzi wa pamoja. Nayo mada iwe swali jembamba ambalo mdogo na mkubwa wote wanaweza kulijibu, kila mmoja kwa kiasi chake. Mara ya pili swali letu lilikuwa: "Udhu unatimiaje kwa maji kidogo?" Msingi wake ni hadithi ya Anas katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima. Sisi tulikadiria mililita 700.

Dakika 90 tulizigawa hivi: ufunguzi 10, vituo vitatu vya dakika 20 kila kimoja, kuhama mara mbili kwa dakika 5, na kufunga 10. Katika ufunguzi ustadhi alitawadha polepole mbele ya wote, akitaja kila kiungo. Baada ya hapo kundi lolote liliweza kuanzia popote.

Kituo cha maji kilikuwa barazani, mbali na misahafu, akisimamia ustadhi. Wadogo walimiminiwa maji, wao wakifuata mpangilio tu. Wa kati walipewa kila mmoja chupa yenye mililita 700 watimize udhu wao. Wakubwa walitawadha kwanza kama walivyozoea juu ya beseni, wakapima yaliyomwagika, kisha wakarudia kwa mudi moja. Kwa mililita 700, watoto 24 wanahitaji karibu lita 17, basi dumu la lita 20 linatosha. Kwa ajili ya jaribio la wakubwa tuliongeza dumu la pili.

Kituo cha kadi hakikuwa na mwalimu, lakini kilikuwa pembeni yangu nikikiona. Wadogo walipanga picha nne: uso, mikono, kichwa, miguu. Wa kati walipanga kadi za maneno, zikiwemo kusukutua na masikio. Wakubwa walitenga faradhi na sunna. Nyuma ya kila kadi kulikuwa na jibu, hivyo walijisahihisha wenyewe.

Kituo cha aya nilikisimamia mimi, kwa aya ya 6 ya Suratul Maida. Wadogo walirudia kipande kifupi kwa dakika 10, kisha wakachora, maana zaidi ya hapo hawatulii. Wa kati walisoma na kutafuta viungo vinne vilivyotajwa. Wakubwa niliwauliza: aya inataja vinne, mbona kwa madhehebu ya Shafii faradhi ni sita? Tukafika kwenye nia na kufuata mpangilio.

Wakati wa kufunga, nilimuuliza mtoto wa miaka 6 lile swali la mada. Akaonyesha chupa, akasema, "Maji haya tu, lakini usiruke mguu." Mkubwa mmoja akaongeza kwamba kwa kawaida yeye humwaga chupa nne. Hapo nilijua mada ilibaki moja. Kama kila kundi lingeeleza jambo lake lisilohusiana na la wenzake, tungekuwa tumefundisha masomo matatu ndani ya chumba kimoja.

Mpango huu haufai kwa kusikiliza kisomo cha kila mtoto, kwa kuwa kila mmoja yuko kwenye ukurasa wake na anahitaji sikio la mwalimu peke yake. Hilo tumeliachia siku nyingine. Anayetaka kujaribu aandike kwanza swali la mada, kisha ajiulize kuhusu kila kituo: kundi likianzia hapa, litakwama? Likikwama, kinachokosekana kihamie kwenye ufunguzi.

Wabillahi tawfiq.