Siku Rahisi ya Kuruka: Soma Kalenda ya Nauli Kabla ya Kulipa

Unataka kwenda Mombasa kwa ndege kutoka Nairobi, na tarehe zako zinaweza kusogea kidogo? Basi usianze na tarehe moja. Fungua kalenda ya nauli kwanza. Inapatikana kwenye Google Flights, Skyscanner na tovuti za baadhi ya kampuni za ndege. Chini ya kila tarehe utaona nauli ya chini kabisa ya siku hiyo, na mara nyingi zile rahisi zimewekwa rangi ya kijani.

Anayeanza huwa anakimbilia ile ya kijani kwenye siku ya kuondoka, halafu anashtuka akiona nauli ya kurudi. Tuchukue mfano, bei zikiwa za kukisia. Unataka kukaa Mombasa usiku tatu. Kuondoka Alhamisi ni Ksh 4,500, na Jumamosi ni Ksh 6,000. Alhamisi inaonekana ndiyo poa, sivyo? Lakini ukiondoka Alhamisi utarudi Jumapili, siku ambayo wengi wanarudi Nairobi kazini, na nauli ni Ksh 8,200. Jumla ni Ksh 12,700. Ukiondoka Jumamosi na kurudi Jumanne kwa Ksh 4,700, jumla ni Ksh 10,700. Siku iliyoonekana ghali imekuokolea Ksh 2,000.

Kwa hivyo tafuta jumla ya safari, si nauli ya siku moja. Kwenye Google Flights, chagua kwenda na kurudi, kisha bonyeza `Date grid`. Utaona jedwali lenye tarehe za kuondoka upande mmoja na za kurudi upande mwingine. Pale zinapokutana ndipo bei ya safari nzima iko.

Weka idadi ya wasafiri kabla ya kufungua kalenda. Ndege huuza viti kwa viwango tofauti vya nauli. Kama viti vya bei ya chini vimebaki viwili na nyinyi ni wanne, mara nyingi mfumo utawapa nyote wanne bei ya juu. Hapo unaweza kujaribu kukata tiketi mbili mbili, ukijua tu kwamba zitakuwa bukingi mbili tofauti.

Mwisho, bei ya kalenda inaweza kuwa imepitwa na wakati, au ni ya ndege ya alfajiri isiyo na mzigo wa kupakia. Bonyeza tarehe, ongeza begi lako, na ufike hadi ukurasa wa malipo. Jumla unayoiona pale ndiyo bei yenyewe. Ilinganishe na ya tarehe ya pili kwa urahisi, iliyojazwa vivyo hivyo, halafu ndio uweke PIN yako.