Kwa Nini Ukuta wa Udongo Humaliza Dawa ya Mbu Upesi

Tuseme nyumba mbili zinasimama jirani hapa Makomeno. Ya kwanza ina kuta za matofali mabichi zilizopakwa udongo. Ya pili ina kuta za sementi zenye rangi ya mafuta. Wapulizaji wa dawa wamepita mwezi wa kumi, siku moja, na dawa moja. Je, dawa itakaa na nguvu muda ule ule katika nyumba zote mbili? Sivyo. Tuangalie sababu yake.

1. Dawa huuaje mbu?

Mbu wa malaria akiisha kunyonya damu huwa mzito, naye hutua ukutani kupumzika. Dawa humwingia kwa miguu yake. Kwa hiyo ni ile dawa iliyobaki juu ya uso wa ukuta tu inayomwua. Dawa iliyozama ndani ya ukuta haimfikii, hata ikiwa nyingi.

2. Udongo

Katika Lubumbashi watu wengi hufyatua matofali kwa udongo wa vichuguu. Udongo mkavu una matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 1951 wachunguzi wawili wa Uingereza, Hadaway na Barlow, walieleza jinsi udongo mkavu unavyovuta DDT. Maji ya pompo hukauka, lakini dawa yenyewe huendelea kusafiri kidogo kidogo kuingia ndani. Tena udongo mwekundu wenye kutu ya chuma waweza kuivunja dawa hiyo.

Baadaye, mwaka 1956, walionyesha jambo lingine. Hewa ikiwa na unyevu, maji hushika nafasi ya dawa katika udongo, na sehemu ya dawa hupata tena kumgusa mbu. Hewa ikikauka, udongo huishika dawa kwa nguvu zaidi.

3. Kuta nyingine

Ubao na rangi ya mafuta havinywi dawa sana, basi dawa hubaki juu. Lakini rangi inayoteleza ina hatari yake: dawa ikipulizwa nyingi hutiririka chini, na kitambaa chenye maji huifuta yote. Sementi iliyokauka vizuri iko katikati. Sementi mpya na chokaa zina ukali unaovunja dawa nyingi, hata pale zisipoinywa.

4. Je, tuongeze dawa katika nyumba ya udongo?

Hapana. Kipimo ni kimoja. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Kuzunguka kuta ni mita 14. Mara 2 na nusu, ni mita za mraba 35. Kila mita ya mraba hupata mililita 40 za maji ya dawa, jumla lita 1 na mililita 400. Dawa ya pirimifosi-methili hupimwa gramu 1 kwa kila mita ya mraba, basi chumba hiki chapata gramu 35. Kuzidisha ni hatari kwa watu, tena ukuta ukilowa mno dawa hutiririka.

Dawa yafaa kuchaguliwa kwa namna yake. Dawa ya maji yenye mafuta huzama upesi katika udongo. Dawa ya unga huacha chembe juu. Pirimifosi-methili ya siku hizi hufungwa ndani ya vifuko vidogo sana vinavyokaa juu ya uso. Shirika la Afya Duniani huihesabu kudumu miezi 4 hadi 6. Mvua zetu huanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi mwezi wa nne. Dawa ya mwezi wa kumi ikidumu miezi 4 tu, mwezi wa tatu nyumba haina ulinzi, na mbu wangali wengi.

5. Twajuaje kwamba dawa imekwisha?

Macho hayawezi kusema. Alama nyeupe yaweza kubaki ingawa nguvu imekwisha. Wapimaji hubandika vikombe ukutani na kutia mbu 10 katika kila kimoja kwa dakika 30, kisha huwahesabu baada ya saa 24. Tuseme katika vikombe vitatu mbu 21 wamekufa kati ya 30. Hiyo ni 70 kwa mia. Chini ya 80 kwa mia, ukuta huo umeshindwa. Ni lazima kupima kila namna ya ukuta peke yake, maana ukuta wa sementi hauwezi kushuhudia kwa ajili ya ukuta wa udongo.

6. Fanya hivi

Piga lipu, chokaa au rangi kabla ya wapulizaji kufika, na uache ukuta ukauke kabisa. Wakiisha kupuliza, usipake udongo mpya wala kuosha ukuta, kwa sababu tabaka moja jembamba lafunika dawa yote. Na katika nyumba ya udongo, usiache chandarua hata usiku mmoja.

Maswali

1. Kwa nini dawa iliyo ndani ya ukuta haimwui mbu?
2. Katika nyumba yako, kuta ni za namna gani? Zilipakwa lini?