Ng'ombe au Kondoo Anapotokwa na Kizazi: Huduma ya Kwanza, Sababu na Kinga

Wafugaji wengi wa Unguja hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa kando ya nyumba. Mnyama mmoja akifa, kipato cha nyumba hukatika. Katika somo hili tunaeleza dharura moja inayoweza kumwua ng'ombe kwa saa chache, lakini mara nyingi huokolewa mfugaji akijua la kufanya kabla daktari wa mifugo hajafika.

Kwanza tutofautishe hali mbili. Uke ukitoka, huonekana duara laini la rangi ya waridi, kiasi cha chungwa au zaidi, mnyama akilala. Aghalabu hurudi ndani akisimama. Hutokea wiki za mwisho za mimba, na huwapata sana kondoo wenye mapacha. Kizazi kikitoka, hutokea baada ya kuzaa, mara nyingi siku ile ile. Ni mfuko mkubwa mwekundu unaoweza kuning'inia hadi magotini mwa miguu ya nyuma, na kwa ng'ombe una vifundo vingi ambavyo kondo la nyuma hushikamana navyo. Hali hii ya pili ndiyo ya kukimbiliwa.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Mwera, ambaye ng'ombe wake chotara wa Jezi amezaa usiku. Alfajiri anamkuta amelala, masikio ya baridi, hawezi kusimama, na kizazi kimelala juu ya samadi. Jambo la kwanza ni kumpigia simu daktari wa mifugo na kumweleza kwamba ni kizazi, si uke. La pili ni kumwacha ng'ombe atulie. Akitembezwa, uzito wa kizazi unaweza kuupasua mshipa mkubwa wa damu ndani, naye akafa ghafla. Mbwa, kuku na kunguru wafukuzwe, kwani hudonoa na kurarua.

Kisha aoshe kizazi taratibu kwa maji safi yaliyotiwa chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita moja. Kondo likiwa limeshikamana lisivutwe kwa nguvu, wala kizazi kisikatwe kamwe. Akitandike juu ya kanga safi iliyoloweshwa, akifunike, na watu wawili wakiinue kwa kanga hiyo hadi usawa wa uke ili damu isijikusanye na kukivimbisha. Kikiwa kimevimba sana, sukari ya kawaida ikinyunyizwa juu yake huvuta maji na kukipunguza, baadaye huoshwa. Ng'ombe asinyweshwe dawa wala uji kwa nguvu, maana aliyelegea hivyo anaweza kupaliwa na kimiminika kikaingia mapafuni.

Daktari ndiye atakayemchoma sindano ya ganzi, kurudisha kizazi, na kumpa dawa ya kukaza kizazi, kalisi na viuavijasumu. Mfugaji asijaribu kukirudisha peke yake. Kidole kinaweza kukitoboa.

Kwa kondoo aliyetokwa na uke, msaidizi huinua sehemu ya nyuma ya mnyama, nawe ukiwa umenawa vizuri huusukuma polepole kwa kiganja. Ukitoka tena, daktari ataufunga. Kumbukeni kuwa uzi huo lazima ufunguliwe kabla ya kuzaa.

Sababu kuu ya kutoka kizazi ni misuli yake kulegea. Upungufu wa kalisi, uitwao homa ya maziwa, huleta ulegevu huo, na Jezi na machotara wake wako hatarini zaidi. Sababu nyingine ni uzazi mgumu na ndama kuvutwa kwa nguvu. Uke hutoka kwa unene kupita kiasi, mimba kubwa, na kulala mahali penye mteremko, nyuma ikiwa chini.

Kinga hufuata sababu hizo. Mnyama asinenepeshwe kupita kiasi miezi miwili ya mwisho, na sakafu ya banda iwe sawa. Madini yenye kalisi nyingi yapunguzwe wiki tatu kabla ya kuzaa, yarudishwe siku ya kuzaa. Ndama avutwe tu mama anaposukuma. Kondo lisipotoka kwa saa 24, aitwe daktari. Lisifungwe jiwe wala tofali. Mnyama aliyetokwa na uke asipandishwe tena, na majike aliowazaa wasibakizwe kwa uzazi, kwani hali hiyo hujirudia na hurithiwa. Ng'ombe aliyetokwa na kizazi aweza kuzaa tena salama, akipona vyema.

Jambo la mwisho linawahusu wanunuzi wa maziwa na nyama pia, hadi Mji Mkongwe. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe wala kunywewa mpaka zipite siku alizotaja daktari, na asichinjwe kabla yake. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakuondoi mabaki ya dawa.